Siku mbili zinavyokula riba ya mwezi mzima: salio la chini na wastani wa kila siku

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye duka la mabati alitoka ofisini kwetu amenuna. Alikuwa ametulipa elfu arobaini tumkagulie riba ya akaunti yake ya akiba kwa sababu alikuwa na uhakika benki inamwibia, sisi tukakaa na stetimenti zake siku mbili, tukamwambia mama benki haijakosea hata shilingi. Akasema kumbe nimelipa elfu arobaini kuambiwa benki iko sawa, nyie na wao lenu moja. Akaondoka, hata soda aliyonunuliwa hakuimaliza.

Iliniuma kusema kweli. Na si wa kwanza, mwaka huu pekee ni mteja wa tano au wa sita kuja na malalamiko yale yale, yaani "nina milioni tano kwenye akaunti, riba ni asilimia tatu, mbona wameniwekea mia sita na sabini na tano?" Kwa hiyo naandika hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma hii, na yule mama nae nimemtumia, akisoma ataelewa zile siku mbili tulikuwa tunafanya nini.

Akaunti yake iko hivi. Mwezi wa sita ulianza na 5,000,000 kwenye salio. Tarehe 12 alitoa 4,700,000 akamlipa msambazaji wa mabati, akabaki na 300,000. Tarehe 14 asubuhi mkandarasi aliyekuwa anamdai akamlipa, akarudisha 4,700,000 ile ile, na hela ikakaa hivyo hadi mwezi ukaisha. Ukimuuliza yeye atakwambia "nina milioni tano benki" na hasemi uongo, siku 28 kati ya 30 hela ilikuwepo. Ila ukisoma masharti ya akaunti yake, yale maandishi madogo aliyosaini siku ya kufungua, yanasema riba inahesabiwa kwa salio la chini kabisa la mwezi. Maana yake benki inaangalia mwezi mzima, inatafuta siku ambayo salio lilikuwa dogo kuliko zote, alafu inalipa riba ya mwezi mzima kwa hilo salio. Ile milioni nne na laki saba hata kama ilikaa siku 28, kwa hesabu hiyo haipo.

Sasa piga: 300,000 mara asilimia 3 gawanya kwa miezi 12, unapata 750. Toa kodi ya zuio asilimia 10 ambayo benki inakata na kupeleka TRA, inabaki 675. Ndo ile mia sita na sabini na tano aliyokuja nayo amekasirika.

Ingekuwa akaunti yake inatumia wastani wa salio la kila siku hesabu ingekuwa tofauti kabisa. Hapo benki inachukua salio la kufunga kila siku, inajumlisha siku zote, inagawa kwa idadi ya siku. Siku 28 mara 5,000,000 ni 140,000,000, siku mbili (tarehe 12 na 13) mara 300,000 ni 600,000, jumla 140,600,000, gawa kwa 30 unapata wastani wa kama 4,686,667. Riba yake ya mwezi huo, ukihesabu mwaka kuwa siku 365, ni 11,556 kabla ya kodi. Kuna benki zinagawa kwa miezi 12 badala ya kuhesabu siku, hapo ingekuwa 11,717, tofauti ndogo isikuumize kichwa.

Kwa hiyo 750 au 11,556. Mwezi ule ule, hela ile ile, asilimia tatu ile ile. Na huyu mama anamlipa msambazaji kila mwezi kwa mtindo huo huo, kwa hiyo kwa mwaka anapata 9,000 wakati kwa njia nyingine angepata kama 140,000. Hiyo ndo kazi tuliyoifanya kwa elfu arobaini. Hakuibiwa, ila yuko kwenye akaunti isiyofanana na biashara yake, na hilo kwangu mimi ni jibu kubwa kuliko kumwambia kaibiwa, maana mwizi ungemshitaki mara moja tu, hili linamkata kila mwezi.

Na niseme hapa, kinachochanganya watu wengi ni hayo maneno "salio la chini". Pale kaunta yanatumika kwa vitu vitatu tofauti na hakuna anayekutenganishia. Kuna salio la chini ambalo lazima libaki akaunti isifungwe, labda elfu tano au elfu kumi, huwezi kulitoa. Kuna salio la chini la kuanza kupata riba, ukiwa chini ya hapo hupati kitu. Na kuna hili la tatu, salio dogo kuliko yote lililotokea ndani ya mwezi, ambalo ndo linatumika kupigia riba. Mama wa mabati aliambiwa siku ya kwanza "hakikisha unabakiza salio la chini", akaelewa ni lile la kwanza, akawa anabakiza laki tatu kila mara na roho yake nyeupe kabisa. Kumbe ile laki tatu ndo ilikuwa inageuka kuwa akaunti nzima machoni pa benki.

Utajuaje yako ni ipi? Unaweza kuuliza benki, na uliza kwa maandishi, barua pepe inatosha, kwa sababu nimeshaona kaunta moja wahudumu wawili wakitoa majibu mawili. Lakini sisi hatusubiri jibu, tunairudisha riba nyuma. Unachukua riba iliyoingia, kama ni baada ya kodi unagawa kwa 0.9 kupata ya kabla ya kodi. Unazidisha kwa 12, unagawa kwa kiwango cha riba. Ya mama: 675 gawa kwa 0.9 ni 750, mara 12 ni 9,000, gawa kwa 0.03 unapata 300,000. Alafu unashuka kwenye stetimenti unatafuta hiyo laki tatu. Ukiikuta ndo salio dogo la mwezi, kesi imeisha, ni njia ya salio la chini. Ukipata namba kama milioni nne na laki sita na kitu ambayo haipo kwenye mstari wowote wa stetimenti, huo ni wastani. Ukipata namba ambayo si hii wala ile, hapo sasa ndo tunakaa chini vizuri, maana inaweza kuwa kiwango kilibadilika katikati ya mwezi au kuna kosa kweli. Na kama benki yako inalipa riba kila miezi mitatu, usirudishe kwa mwezi mmoja, jumlisha miezi yote mitatu kwanza, watu wengi wanakosea hapo.

Sasa njia za mkato, ambazo ndo zinanifanya niandike kwa hasira kidogo.

Kuna kaka mmoja wa gereji, mtu mzuri sana, alisikia mahali kwamba benki inaangalia salio la mwisho wa mwezi. Kila tarehe 29 alikuwa anaazima milioni tatu kwa shemeji yake, anaweka, tarehe 1 anatoa anarudisha na asante ya elfu thelathini. Miezi minne amefanya hivyo! Akaunti yake ilikuwa ya salio la chini, siku zingine zote ina laki mbili, kwa hiyo riba yake ilikuwa shilingi 500 kabla ya kodi, ikabaki 500 vile vile, ile milioni tatu haikumsaidia hata senti. Akaniuliza je ingekuwa ya wastani? Nikampigia hapo hapo: 3,000,000 kwa siku mbili kwa asilimia tatu ni shilingi 493. Kwa hiyo hata kwenye akaunti ya wastani alikuwa anatoa elfu thelathini ili apate mia nne tisini na tatu, na bado makato ya kutoa hela. Laki na ishirini imeenda, na alipokuja kwetu akalalamika kwamba elfu arobaini ni kubwa.

Njia nyingine ya mkato ni kujipigia wastani mwenyewe kutoka kwenye stetimenti, na hii inawakamata hadi vijana waliosoma. Kijana wa duka la jumla alipakua stetimenti, akafungua Excel, akaweka AVERAGE kwenye safu ya salio, akapata 3,681,818. Akapiga asilimia tatu gawa kwa miezi 12 akapata kama 9,205, benki imelipa 4,110 kabla ya kodi, akamwambia bosi wake tumepunjwa zaidi ya nusu, wakaenda tawini wawili na kelele zao. Wamerudi kimya.

Kosa lake ni kwamba stetimenti haionyeshi siku, inaonyesha miamala. Siku ambayo hukufanya kitu haina mstari. Akaunti ile ilikaa siku 20 za kwanza na 500,000 bila kuguswa, hiyo kwenye stetimenti ni mstari mmoja tu, alafu hela ikaingia tarehe 21 na tangu hapo kila siku kukawa na kamuamala na salio likifunga 4,000,000, hiyo ni mistari kumi. Excel ikahesabu mistari kumi na moja sawa sawa, kana kwamba zile siku ishirini ni siku moja. Ukweli ni siku 20 mara 500,000 jumlisha siku 10 mara 4,000,000, jumla 50,000,000, gawa 30, wastani ni 1,666,667. Benki ilikuwa sahihi. Kama unataka kujipigia mwenyewe weka safu ya idadi ya siku ambazo kila salio lilikaa, tuseme safu ya C, na salio lenyewe safu ya D, alafu:

```
=SUMPRODUCT(C2:C12,D2:D12)/SUM(C2:C12)
```

Hakikisha jumla ya siku zako inalingana na siku za mwezi huo, isipolingana kuna mstari umeuruka. Na kama siku moja ina miamala mitano, unachukua salio la mwisho la siku hiyo tu, hayo mengine manne unayafuta. Hapo ndo siku zetu mbili zinapokwenda, kwa sababu wateja wanatuletea stetimenti za duka zenye miamala sabini kwa wiki, nyingine zimepigwa picha na simu zimekatika pembeni, na sisi tunazijenga siku kwa siku, mtu mmoja anaandika mwingine anahakiki. Hatupigi kwa makadirio. Kazi ni ile ile tukikuta kosa au tusipokuta, ndo maana bei ni ile ile.

Na makosa yapo, sisemi benki ni malaika. Mteja wetu mwenye duka la vifaa vya shule alikuwa na 6,200,000 akaunti ya salio la chini. Ijumaa moja akahamisha 2,500,000, mtandao ukasumbua, ikakatwa mara mbili. Jumanne benki ikamrudishia ile ya pili, ikamwomba radhi, akaona mambo yameisha. Ila sisi kwenye kuhakiki tukakuta riba ya mwezi ule imepigwa kwa 1,200,000 wakati salio lake halali lilikuwa 3,700,000. Kwa nini? Kwa sababu hela ilirudi na tarehe ya Jumanne, kwa hiyo kwenye mashine Ijumaa mpaka Jumatatu salio linaonekana 1,200,000, na hiyo njia siku moja tu inatosha kuua mwezi. Ingekuwa akaunti ya wastani kosa lile lingemgharimu riba ya siku nne, kama shilingi mia nane. Hapa lilimgharimu 6,250. Tukamwandikia barua akaomba marejesho yahesabiwe kwa tarehe ile ile ya makato, mwezi uliofuata tofauti ikaingia. Kwa hiyo ukirudishiwa hela iliyokatwa kimakosa usiangalie tu kwamba imerudi, angalia imerudi kwa tarehe gani ya kuhesabia.

Tarehe kwa ujumla ni kila kitu kwenye akaunti ya salio la chini. Mwalimu mmoja alitoa milioni tatu tarehe 30 kwa ajili ya kiwanja, muuzaji akachelewa, hela ikalala ndani ya nyumba mpaka tarehe 2. Angeitoa tarehe 1 asubuhi, riba ya mwezi ule yote ingekuwa yake, 7,500 kwa hesabu za akaunti yake. Ukiweka hela tarehe 3 nayo haitahesabika mpaka mwezi unaofuata, kwa sababu tarehe 1 na 2 salio lilikuwa dogo, kwa hiyo kama hela unayo tarehe 30 mkononi usisubiri "mwezi mpya uanze", ipeleke siku hiyo hiyo. Kwenye akaunti ya wastani haya yote hayana nguvu, kila siku hela inapokuwepo inalipwa ya siku hiyo basi.

Kuna watu wataniuliza, sasa kwa nini benki zinaruhusiwa kutumia njia hiyo? Ni masharti ya akaunti na umesaini. Nchi nyingine zimeamua tofauti. India mabenki yalikuwa yanalipa riba ya akiba kwa salio dogo kati ya tarehe 10 na mwisho wa mwezi, benki kuu yao ikawaamuru wahesabu kila siku kuanzia tarehe 1 Aprili 2010. Marekani sheria yao ya mwaka 1991 ya akaunti za akiba imefunga kabisa njia ya salio la chini, benki inatakiwa ihesabu hela yote kwa kila siku. Hapa kwetu ni wewe kusoma karatasi yako.

Lakini msikimbilie wote kuhama, na hapa nawaambia kitu kinachotupunguzia wateja. Tuna kikundi cha akina mama wanaoweka tu, hawatoi mpaka Desemba. Kwao salio la chini na wastani vinakaribiana sana, tofauti ni vile vimichango vinavyoingia katikati ya mwezi, na akaunti yao ina kiwango kizuri. Tukawaambia bakini hapo, na wala msitulipe kila mwezi kukagua, njooni mara moja kwa mwaka. Hela isiyotoka haiumizwi na njia ya salio la chini.

Anayeumizwa ni mfanyabiashara ambaye hela inatoka na kurudi. Na huyo ndo anavutwa na bango la asilimia. Anaona akaunti moja imeandikwa asilimia 5 na nyingine asilimia 2, anakimbilia ya tano, hakuna alipoulizia tano ya nini. Turudi kwa mama wa mabati: asilimia 5 kwa salio la chini la 300,000 ni 1,250 kwa mwezi. Asilimia 2 kwa wastani wa 4,686,667 ni 7,811. Ile ndogo inamlipa mara sita ya ile kubwa. Njia tunayotumia sisi ni kuchukua miezi sita ya stetimenti, kutafuta salio dogo la kila mwezi na wastani wa kila mwezi, kisha kupiga kila moja kwa kiwango chake. Kama salio dogo lako ni nusu ya wastani, basi akaunti ya salio la chini lazima ikupe kiwango mara mbili ndo mlingane. Kwa mama salio dogo ni kama sehemu moja ya kumi na sita ya wastani, kwa hiyo wangetakiwa wampe kiwango mara kumi na sita, na hakuna benki itafanya hivyo.

Alikuwa na njia nyingine pia, kumwomba msambazaji amsubiri siku mbili mpaka mkandarasi alipe, hela isipite chini kabisa. Tulimwandikia hilo kwenye ripoti, ukurasa wa pili, pamoja na aina ya akaunti ya kuulizia kwenye tawi lake lile lile na maswali matatu ya kuuliza: riba inapigwa kwa salio gani, salio kiasi gani ndo linaanza kulipwa, na kuna makato gani ya mwezi. Hilo la makato muhimu, maana akaunti inayokulipa elfu saba na kukukata elfu nane ni hasara tupu.

Mkija, njooni na stetimenti ya Excel siyo picha, miezi sita, na muanzie siku moja kabla ya mwezi wa kwanza ili tuone salio lililoingia nalo. Bei bado ni elfu arobaini kwa akaunti. Mama wa mabati ile ripoti yako bado iko mezani kwangu, uliisahau pembeni ya soda.